Punguzo, livrezo ya bure ao matabisi: tangazo gani linamwachia muuzaji pesa?

Kila mwisho wa mwezi wa munani, mjini Lubumbashi, simu zinajaa picha za viatu vyeusi vya masomo. Wazazi wanatafuta, wauzaji wanatangaza. Kwenye statuti za WhatsApp na kwenye Facebook maneno ni karibu yale yale: huyu ameandika "-15%", mwingine "tunakuletea mpaka nyumbani bure", wa tatu "ukinunua viatu, soksi ni matabisi". Viatu vyenyewe saa ingine vimetoka kwenye lori moja lililopita Kasumbalesa. Kinachotofautiana ni namna ofa ilivyosemwa.

Wauzaji wengi wanachagua kati ya hizo tatu kwa kuangalia tangazo gani linabonyezwa na watu wengi. Hapo ndipo wanaumia. Tangazo linaweza kuleta watu mara mbili ya wale wa kawaida, simu ikalia tangu asubuhi mpaka usiku, na mwisho wa juma pesa iliyobaki ni ile ile ambayo ingebaki bila ofa yoyote. Viatu vimeondoka, miguu imechoka, na pesa ya kurudi kununua vingine haijaongezeka hata kidogo.

15% inatoka wapi?

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye duka dogo katika komini ya Kenya. Hesabu zake tumezitunga ili jambo lieleweke. Kila muuzaji ataweka zake mahali pa hizi. Jozi moja ya viatu anaiuza dola 20. Mpaka ifike dukani, tukijumlisha bei ya kununulia, usafiri na duane, imemgharimu dola 14. Kinachobaki ni dola 6. Hiyo 6 ndiyo tutaiita marji. Ndani yake ndimo anatoa pesa ya nyumba ya duka, ya matangazo, na chakula cha watoto.

Sasa anaandika kwenye picha "-15%". Asilimia 15 ya dola 20 ni dola 3, kwa hiyo viatu vinauzwa 17. Kwa macho ya mnunuzi, bei imeshuka kidogo tu. Lakini zile dola 3 hazitoki kwenye 14, kwa sababu aliyemuuzia mama kwa jumla hajapunguza kitu, na duane imekwisha kulipwa. Zinatoka zote kwenye ile 6. Bei imeshuka kwa asilimia 15, marji imeshuka nusu.

Maana yake ni kwamba pale alipokuwa anauza jozi moja, sasa lazima auze mbili ili abaki na pesa ile ile. Kuna njia nyepesi ya kujua jambo hilo kabla ya kutangaza: gawanya marji ya zamani kwa marji mpya. Kwa mama yetu ni 6 kwa 3, yaani mara 2. Kama angepunguza asilimia 10, marji ingebaki 4, na angetakiwa kuuza mara moja na nusu. Kwa asilimia 20 marji inabaki 2, lazima auze mara 3. Kwa asilimia 30 anafanya kazi ya bure kabisa, hata kama duka limejaa watu mpaka nje.

Mwenye kuuza vitu vya marji ndogo anaumia upesi zaidi. Simu ya dola 100 inayomwachia muuzaji dola 8, ikipunguzwa asilimia 5 tu, inamwachia 3. Ile "5%" inaonekana ni kitu kidogo ambacho hata mteja hatakiangalia, kumbe imekula zaidi ya nusu ya faida.

Na huku kwetu hesabu haiishii hapo, kwa sababu bei iliyoandikwa si mwisho wa mazungumzo. Mteja anayekuja na "-15%" kwenye simu yake hafikirii kwamba muuzaji ameshafika chini. Kwake 17 ndiyo bei ya kuanzia. "Mama, unipunguziyeko, nitaleta na bengine." Mama akikubali 16, marji ni dola 2. Dola moja hiyo ya mwisho, iliyotolewa kwa kicheko tu, ni theluthi ya kile kilichokuwa kimebaki.

Kwa nini watu wanaibonyeza

Basi kwa nini tangazo la asilimia linabonyezwa sana? Kwanza ni kwamba linasomwa kwa nusu sekunde. Namba kubwa nyekundu pembeni mwa picha haihitaji maelezo. Pili, ukubwa wa namba yenyewe unafanya kazi yake. Jonah Berger, mwalimu wa biashara kwenye chuo kikuu cha Pennsylvania, Marekani, katika kitabu chake Contagious cha mwaka 2013 anaeleza kanuni ya 100: kitu cha bei ya chini ya 100, punguzo linaonekana kubwa likisemwa kwa asilimia; kitu cha zaidi ya 100, linaonekana kubwa likisemwa kwa pesa. Kwa viatu vya dola 20, "15" ni namba kubwa kuliko "3", hata kama ni punguzo lile lile.

Kanuni hiyo iliandikwa kwa watu wenye pesa ya aina moja. Hapa Kongo tuna mbili. Tukihesabu dola moja kwa franka 2.500, ili hesabu iwe nyepesi, viatu vile ni franka 50.000 na punguzo ni franka 7.500. Sasa "franka 7.500 chini" inaonekana kubwa kuliko "15%", na kubwa sana kuliko "dola 3". Muuzaji hajatoa hata senti moja zaidi. Amebadilisha tu pesa ambayo punguzo limesemwa ndani yake. Mnunuzi wa sokoni, anayehesabu unga na mafuta kwa franka, anajua mara moja 7.500 inanunua nini. Asilimia 15 lazima aihesabu.

Lakini kuna hatari moja. Bei ikitangazwa kwa franka na viatu vililipiwa kwa dola, kubadilika kwa kiwango cha dola katikati ya juma kunaingia moja kwa moja kwenye marji, ambayo tayari ni nyembamba. Wenye kutangaza kwa franka wanaandika tarehe ya mwisho wa ofa, na wanaiweka karibu.

Neno "bure" na safari ya motari

Ofa ya pili ni ya kumpelekea mtu mpaka kwake. Neno "bure" lina nguvu yake pekee, na watu wa sayansi wameipima. Mwaka 2007, Kristina Shampanier, Nina Mazar na Dan Ariely walichapisha majaribio waliyoyafanya Marekani. Waliweka meza yenye chokoleti mbili: moja nzuri ya Lindt kwa senti 15, nyingine ya kawaida ya Hershey's kwa senti 1. Kati ya walionunua, asilimia 73 walichukua ile nzuri. Kisha walishusha zote mbili kwa senti moja: nzuri senti 14, ya kawaida bure. Tofauti ya bei ilibaki ile ile. Lakini sasa asilimia 69 walikimbilia ya kawaida. Kati ya senti 1 na bure, akili ya mtu inaruka shimo kubwa.

Ariely anaeleza pia, katika kitabu chake cha mwaka 2008, habari ya Amazon ilipoanza kupeleka vitabu bure kwa mwenye kununua kuanzia kiasi fulani cha pesa. Mauzo yalipanda kila mahali isipokuwa Ufaransa. Huko, badala ya bure, walikuwa wameweka franka moja ya Kifaransa, pesa ndogo sana. Ilipoondolewa ile franka moja, na Ufaransa pia ikapanda. Kwa muuzaji wa Lubumbashi maana yake ni kwamba "livrezo franka 500 tu" haifanani hata kidogo na "livrezo bure", hata kama franka 500 haimsaidii yeye kitu.

Sasa tuone bure hiyo inamgharimu nani. Tuseme motari anaomba dola 1 kwa Katuba ao Kamalondo, na 2,5 kwa Ruashi ao mbali katika Annexe. Mama anafikiri wastani ni 1,5, kwa hiyo marji inabaki 4,5. Kwenye karatasi ni nzuri kuliko 3 ya asilimia. Lakini kuna mambo mawili ambayo wastani haukuyaona.

La kwanza: ofa yenyewe inabadilisha nani anakuja. Anayekaa barabara ya pili na duka haguswi sana na livrezo ya bure, angekuja kwa miguu. Anayeguswa ni wa mbali, yule ambaye safari yake ni ghali. Kwa hiyo baada ya siku tatu wastani hauko tena 1,5, unapanda. Na wale wa karibu, waliokuwa wanakuja wenyewe, saa hizi nao wanasema "si mmesema ni bure? Mniletee." Ni gharama ambayo jana haikuwepo.

La pili ni safari zinazorudi. Motari anafika, mteja hajibu simu. Ao anajibu: "Niko njiani, uningojeko." Ao, na kwa viatu vya watoto hii ndiyo kubwa, namba haiingii. Mzazi alisema 36, mtoto amekua wakati wa likizo, anatakiwa 37. Motari anarudi, anakwenda tena, na kila safari inalipwa. Wauzaji waliozoea wanatuma namba mbili kwa safari moja, ile iliyoombwa na inayofuata, na motari anarudi na isiyoingia. Wanapiga simu pia kabla motari hajawasha pikipiki, si baadaye.

Upande mwingine, livrezo ina uzuri mmoja ambao wengi hawaufikirii: inalipwa kwa safari, wakati asilimia inalipwa kwa kila jozi. Mzazi mwenye watoto watatu ananunua jozi tatu. Kwa "-15%" mama anatoa dola 9. Kwa livrezo ya bure anatoa safari moja tu, 1,5 ao hata 2,5. Ndiyo sababu sharti dogo kama "bure kuanzia jozi mbili" linabadilisha hesabu nzima: jozi mbili zinaleta marji ya 12, motari anaondoka na 1,5, inabaki 10,5. Sharti hilo litapunguza kliki, ni kweli, kwa sababu mwenye mtoto mmoja atapita tu. Lakini lazima liandikwe kwenye tangazo lenyewe, pamoja na majina ya komini ambako bure inafika. Mteja akilisikia kwa mara ya kwanza wakati wa kulipa, analichukua kama mtego, na hapo anapotea mteja pamoja na mama yake mkubwa na jirani zake.

Matabisi: kitu kina bei mbili

Ofa ya tatu watu wa Kongo waliijua kabla ya Facebook. Mama wa unga anakujazia kopo, halafu anaongeza konzi juu. Hiyo ni matabisi. Kwenye tangazo inakuwa kifurushi: viatu pamoja na jozi mbili za soksi kwa dola 20, bei ya viatu peke yake.

Nguvu ya matabisi kwa muuzaji iko katika jambo moja: soksi zina bei mbili. Mnunuzi anazihesabu kwa bei ya duka, dola 1,5 kwa jozi, kwa hiyo kwake amepewa zawadi ya dola 3. Muuzaji alizinunua kwa jumla dola 0,8, kwa hiyo kwake zimetoka 1,6. Linganisha na "-15%": nayo mnunuzi alipata dola 3, lakini muuzaji alitoa dola 3 kamili. Zawadi ya ukubwa ule ule machoni pa mteja inamwachia mama marji ya 4,4 badala ya 3. Pesa taslimu haina bei ya jumla, soksi zinayo.

Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2012, ambao Akshay Rao wa chuo kikuu cha Minnesota ni mmoja wa waandishi wake, ulionyesha kwamba watu wanapenda kuongezewa kuliko kupunguziwa. Mafuta ya mikono dukani yaliuzwa asilimia 73 zaidi yalipotangazwa kwa nyongeza ndani ya chupa kuliko yalipotangazwa kwa punguzo la bei lenye thamani sawa. Sababu moja ni hesabu: kuongezewa asilimia 50 ya kitu ni sawa na kupunguziwa asilimia 33, lakini 50 inasikika kubwa. Tusisahau kwamba pale ilikuwa kitu kile kile kilichoongezwa. Soksi juu ya viatu ni jambo jingine kidogo, kwa sababu matabisi lazima iwe kitu ambacho mnunuzi alikuwa atakinunua kweli. Soksi nyeupe kwa mtoto wa masomo, ndiyo. Mshipi wa mtu mkubwa uliobaki dukani tangu mwaka jana, hapana. Huo unapunguza hata heshima ya viatu.

Kwenye tangazo, matabisi ina udhaifu: inahitaji kusomwa. Lazima picha ionyeshe viatu na soksi pamoja, na bei iandikwe mara moja tu. Ndiyo sababu mara nyingi inapata kliki chache. Na sokoni kuna mtu mwenye akili atakayesema: "Mama, hizi soksi ubaki nazo, unitoleeko dola 3." Mama akikubali amerudi kwenye asilimia 15 bila kujua. Akitaka kubadilisha, mwisho wake ni kile soksi zilichomgharimu: dola 1, ao 1,5, si zaidi.

Kuziweka zote kwenye kaye moja

Tuseme sasa mama anajaribu. Anatoa tangazo nne za Facebook, picha ile ile, kila moja kwa dola 10: moja bila ofa, moja ya asilimia 15, moja ya livrezo bure, moja ya soksi. Kila moja imeonyeshwa mara 10.000, kwenye simu hiyo namba inaitwa Impressions. Kiwango cha kliki, kile simu inachokiandika CTR, ni hesabu nyepesi: waliobonyeza, gawanya kwa mara lilivyoonyeshwa, zidisha kwa 100.

Tangazo bila ofa limebonyezwa mara 90, yaani asilimia 0,9. Wamenunua watu 6. Mara 6 kwa marji ya 6 ni dola 36, toa 10 za tangazo, inabaki 26.

Tangazo la asilimia limebonyezwa mara 240, asilimia 2,4. Ndilo la kwanza mbali kabisa. Wamenunua 12. Mara 12 kwa marji ya 3 ni dola 36, toa 10, inabaki 26. Namba ile ile. Mama ametoa jozi mara mbili, amejibu ujumbe karibu mara tatu, na hajaongeza hata dola.

Livrezo ya bure: kliki 180, wanunuzi 10. Bila usafiri marji ingekuwa 60. Safari 10 kwa 1,5 ni 15, na safari 3 zilizorudi ni 4,5. Inabaki 40,5, toa tangazo, ni dola 30,5. Safari zilizorudi zingekuwa 6 badala ya 3, ingeshuka mpaka 26. Tena ile ile!

Soksi: kliki 120 tu, nusu ya zile za asilimia. Wanunuzi 9. Mara 9 kwa 4,4 ni dola 39,6, toa 10, inabaki 29,6. Anayeangalia kliki peke yake angelifuta tangazo hili siku ya pili.

Angalia pia wangapi kati ya waliobonyeza walinunua. Kwa asilimia ni 12 kati ya 240, mtu mmoja kwa 20. Kwa soksi ni 9 kati ya 120, mmoja kwa 13 hivi. Namba kubwa nyekundu inaita na wale wanaopita tu kuuliza "ya mwisho ni ngapi?" Anayefika kwenye tangazo la viatu na soksi mara nyingi ana mtoto na ana tarehe ya kuingia masomo.

Ili kupata hesabu hizi hauhitaji kompyuta. Unahitaji kujua kila mteja ametoka kwenye tangazo gani, na hapo kuna ujanja wa zamani: kila tangazo linaomba neno lake. "Andika VIATU 1", "Andika VIATU 2". Mteja anapoandika, unaweka alama kwenye kaye: neno, jozi ngapi, amelipa ngapi kweli baada ya kupatana, motari amechukua ngapi, amerudi mara ngapi. Safu ya "amelipa kweli" ndiyo ya muhimu zaidi, na ndiyo watu wanaoruka kuandika, labda kwa sababu inauma.

Pale hesabu inapodanganya

Watu 9, 10, 12 ni wachache. Kama juma lile mwalimu mmoja angewanunulia watoto wa ndugu zake jozi nne kupitia tangazo la soksi, soksi zingeshinda mbali, na isingekuwa kwa sababu ya soksi. Tofauti kati ya 29,6 na 30,5 haina maana yoyote. Tofauti ya kliki, 240 na 90, hiyo ndiyo inaweza kuaminiwa upesi, na hapo ndipo mtego unapokaa: namba inayothibitika haraka ndiyo isiyosema kitu kuhusu pesa. Kwa marji lazima kurudia jaribio majuma mawili, matatu, na kujumlisha.

Matangazo yatembee siku zile zile. Ukiweka asilimia kwenye juma la mishahara na livrezo katikati ya mwezi wakati mifuko imekauka, umepima mishahara, hukupima ofa.

Na usiyaweke yote kwenye bajeti moja. Ukifanya hivyo na umeomba Facebook ikuletee kliki, mtambo wenyewe utaangalia masaa ya kwanza, utaona asilimia inabonyezwa, na utapeleka karibu pesa yote huko. Kesho yake utaambiwa tangazo la soksi "halikufanya kazi", kumbe halikuonyeshwa. Kila tangazo lipewe dola zake zenyewe.

Asilimia ina wakati wake pia. Katikati ya mwezi wa kenda watoto wameshaingia masomo. Dukani mwa mama zimebaki jozi za namba 33 na 41, ambazo zikilala pale zitangoja mwaka mzima, ngozi ikikauka na pesa yake ikiwa imefungwa ndani. Wakati ule swali halihusu tena ile marji ya 6. Swali ni kama dola 14 zitarudi, ili zinunue sanduale na viatu vya Noeli. Hapo "-25%", kwa namba zile mbili tu na zikiwa zimeandikwa kwenye picha, inamwachia dola 1 kwa jozi na pesa ya mtaji mkononi. Wale wanaovaa 36 wakibonyeza, watajibiwa kwamba 36 bado ni 20, na soksi zipo.